Wi-Fi ya gigahezi 5 inapotea dakika moja kisha inarudi, logi inataja rada (Mwanga, Kigoma)

MamaLoji_Mwanga

Habari za jioni wanajukwaa. Nina loji hapa Mwanga, Kigoma mjini. Fundi alinifungia AP tatu, yaani vifaa vya kurusha Wi-Fi: moja mapokezi, moja ghorofani, moja barazani upande unaotazama ziwa. Kila AP inarusha majina mawili, la gigahezi 2.4 na la gigahezi 5.

Shida yangu ni hili la gigahezi 5. Jioni mgeni yuko kwenye simu ya video na watoto wake, ghafla picha inaganda. Akiangalia orodha ya Wi-Fi, jina la 5 halipo kabisa. Sio kwamba intaneti imekuwa nzito, jina lenyewe limetoweka. Dakika moja hivi linarudi lenyewe. Muda wote huo jina la 2.4 lipo, na kompyuta ya mapokezi iliyochomekwa waya inaendelea na kazi zake bila kusikia chochote.

Kampuni inayoniletea intaneti inasema laini ni nzima, nizime na kuwasha. Fundi anasema ninunue vifaa vingine. Kabla sijatoa hela, kijana wangu anayesomea mambo haya aliingia kwenye AP ya barazani, inatumia programu ya OpenWrt, akakuta mistari hii ya saa ileile mgeni aliyolalamika. Nimeondoa tarehe ili isomeke:

```
20:14:07 DFS-RADAR-DETECTED freq=5180 ht_enabled=1 chan_offset=0 chan_width=5 cf1=5250 cf2=0
20:14:07 DFS-NEW-CHANNEL freq=5500 chan=100 sec_chan=1
20:14:08 DFS-CAC-START freq=5500 chan=100 sec_chan=1, width=2, seg0=114, seg1=0, cac_time=60s
20:15:09 DFS-CAC-COMPLETED success=1 freq=5500 ht_enabled=1 chan_offset=0 chan_width=5 cf1=5570 cf2=0
```

Rada ya nani jamani? Na inahusianaje na Wi-Fi ya loji? Kinachonichanganya zaidi ni kwamba fundi aliweka chaneli 36, na kila mahali ninaposoma wanasema 36 haina habari za rada. Tumeangalia, ni 36 kweli.

Katubuka_Boy

Mama, hilo halina mjadala. TMA wameweka rada ya hali ya hewa huku Kigoma. Inazunguka, ikielekea upande wako inapiga Wi-Fi yako, ikishapita Wi-Fi inarudi. Ndiyo maana inakata na kurudi. Weka chaneli 36, utasahau hilo tatizo.

MamaLoji_Mwanga

Mwanangu, 36 ndiyo iliyopo tayari. Nimeandika hapo juu.

Mzee_wa_Laini

Hata mimi huku Gungu yananipata. Natumia rauta ya laini, nikiweka kifurushi cha wiki kinaisha siku ya nne na intaneti inakata. Hawa watu wa mitandao wanatuibia, tusiwasingizie watu wa rada.

Bint_Isevya

Mzee wangu shikamoo. Lako ni la kifurushi, hapo Wi-Fi haijazimika, ila haina cha kupeleka. La mama ni jina la Wi-Fi kupotea hewani. Ukifungua uzi wako tutakusaidia huko.

Fundi_Minara

Mama Loji, pole na hongera kwa kijana. Alichotoa hapo kinatosha kujibu zaidi ya nusu ya maswali yako. Nipo Tabora, kazi yangu ni kufunga hivi vitu, na naomba nianze na ile dakika moja kabla ya rada, kwa sababu watu wengi wanadhani rada ndiyo inayokaa juu ya Wi-Fi dakika nzima. Siyo.

Tazama saa. 20:14:07 kifaa kimesikia kitu kilichofanana na rada. Sekunde hiyohiyo kimeamua kuhamia chaneli 100. Hapo sekunde moja tu imetumika. Kisha njoo mstari wa tatu, mwishoni kabisa: `cac_time=60s`. Dakika yako imo mle.

Chaneli za katikati kwenye gigahezi 5, kuanzia 52 hadi 64 na kuanzia 100 hadi 144, Wi-Fi inakaa kwa ruhusa yenye masharti. Rada zilikuwepo kwanza. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa dunia wa masafa ya redio, nchi zilikubaliana kwamba Wi-Fi inaweza kutumia vipande hivyo ila ni lazima isikilize na iondoke rada ikisikika. Hiyo ndiyo DFS. Sharti mojawapo ni kwamba kabla kifaa hakijarusha chochote kwenye chaneli ya namna hiyo, kikae kimya kwanza sekunde 60 kikisikiliza. Kimya kabisa, hata kutangaza jina lake hakiruhusiwi. Ndiyo maana wageni wako hawaoni jina.

Kwa hiyo mlolongo wako ni huu: AP ilihisi rada ilipokuwa, ikakimbilia chaneli 100, na 100 nayo ni ya DFS, ikabidi ikae kimya dakika nzima ndipo ifungue mdomo. Mstari wa nne, 20:15:09, imemaliza kusikiliza na jina likarudi.

Kama ingekimbilia chaneli isiyo na DFS, 149 kwa mfano, isingekuwepo dakika yoyote. AP ingetangaza kwa simu zilizounganishwa kwamba inahama, simu zingefuata, na mgeni angeona picha imekwama kidogo tu. Kanuni zinaipa AP sekunde 10 kuwa imeshaondoka baada ya kuhisi rada, na kwa kawaida inaondoka mapema zaidi ya hapo.

Sasa swali la chaneli 36. Naomba kijana wako aandike hii atuletee jibu:

```
uci show wireless | grep htmode
```

DonMtandao

Mnazunguka sana. Ingia kwenye setingi za nchi, chagua nchi isiyo na masharti hayo, au tafuta programu ya ndani iliyoondolewa DFS. Ukishaondoa, kifaa hakisikilizi tena rada wala hakihami. Mimi nimefanya kwa wateja wangu wote.

Fundi_Minara

Don, hapana. Na sisemi hivyo kwa kuogopa faini tu, ingawa TCRA wakikukuta una la kujibu.

Rada ya hali ya hewa inatuma mpigo mfupi sana, kisha inanyamaza kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye matone ya mvua, mbali sana. Mwangwi huo ni mdogo mno. Ukiwa na kifaa cha Wi-Fi juu ya paa kinarusha kwenye masafa yaleyale, rada inakisikia kuliko mvua yenyewe. Kwenye kioo cha mtaalamu unatokea mstari mpana unaoanzia katikati na kwenda nje upande wa kifaa chako, na chochote kilicho nyuma ya mstari huo hakionekani. Mvua ipo, hawaioni. Mwaka 2009 Wamarekani walichunguza jambo hili San Juan, Puerto Rico, ambako rada ya uwanja wa ndege inayotafuta upepo hatari ilikuwa ikichafuliwa na vifaa vya nje vya watoa intaneti, na baadaye wengine walitozwa faini. Rada ile kazi yake ni kumwonya rubani anayetua.

Sisi huku watu wanategemea taarifa ya hali ya hewa kuamua kama wavuvi waingie ziwani usiku. Sitamshauri mtu yeyote aizibe macho rada ili simu ya video isikatike, hasa wakati shida yenyewe inatatulika kwa kubadili setingi mbili.

Katubuka_Boy

Basi umekubali kwamba ni rada ya TMA.

Fundi_Minara

Sijakubali, na logi ya mama ndiyo inayokukatalia. Rada za hali ya hewa zilizo kwenye eneo hili la gigahezi 5 zinakaa kati ya megahezi 5600 na 5650, yaani chaneli 120, 124 na 128. Nyingine nyingi haziko hata karibu, zinatumia megahezi 2700 hadi 2900. AP ya mama ilikuwa imekaa chini kabisa, haifiki 5600. Subiri kijana alete jibu la upana nikuonyeshe ilikomea wapi.

MamaLoji_Mwanga

Kijana kaleta:

```
wireless.radio1.htmode='HE160'
```

Anasema AP zote tatu ziko hivyo. Na sehemu ya nchi fundi aliacha US, jinsi zilivyokuja.

Fundi_Minara

Nilitegemea hivyo, kwa sababu `chan_width=5` kwenye logi ndiyo namna OpenWrt inavyoandika upana wa 160.

Mama, chaneli moja ya kawaida ina upana wa megahezi 20. Chaneli 36 peke yake inaanzia 5170 na kuishia 5190. Fundi alipochagua upana wa 160, aliiambia AP ichukue chaneli nane zilizofuatana kwa mpigo mmoja: 36, 40, 44, 48, halafu 52, 56, 60, 64. Namba 36 ni kama namba ya mlango wa kwanza kwenye jengo la vyumba nane, kodi unalipia jengo zima. Vyumba vinne vya kwanza havina masharti. Vinne vya mwisho, kuanzia 5250 hadi 5330, vyote ni vya DFS. Rada ikisikika kwenye kimojawapo, AP nzima inahama, na pale 36 nayo inaondoka.

Ndiyo maana `cf1=5250`. Hiyo ni katikati ya eneo zima ulilokuwa umekalia, 5170 hadi 5330. Mstari huo hausemi rada ilisikika kona ipi, lakini kwa kuwa nusu ya chini haisikilizi rada hata kidogo, tunajua lazima ilikuwa kati ya 5250 na 5330. Kutoka hapo hadi 5600 ni mbali, Katubuka.

Kwa hiyo wanaosema 36 haina rada wanasema kweli, ilimradi upana uwe 20, 40 au 80. Ukifika 160 maneno hayo hayasimami tena.

Na kuna ubaya mwingine wa 160. Kwenye mpangilio wa AP yako, ikitoka hapo inakimbilia 100 hadi 128, eneo lote la DFS. Ikihisi rada na huko pia, haiwezi kurudi ilikotoka, kwa sababu chaneli iliyosikika rada haiguswi kwa dakika 30. Hapo baadhi ya vifaa hupunguza upana vikaendelea, vingine hukaa bila gigahezi 5 hadi nusu saa ipite. Waulize wageni wako kama hawajawahi kukosa jina la 5 kwa muda mrefu kuliko ile dakika.

MamaLoji_Mwanga

Wamewahi! Kuna jioni lilipotea muda mrefu, tukazima na kuwasha AP zote.

Fundi_Minara

Mkizima na kuwasha, AP inaanza upya na sekunde 60 za kimya kama iko kwenye chaneli ya DFS. Na kuna hasara kubwa zaidi: OpenWrt inaweka logi kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Kila mlipozima, mlifuta ushahidi. Siku nyingine likipotea, msiguse swichi. Kijana achomeke waya, aandike `logread | grep DFS` kwanza.

Ujiji_Link

Mwakeye ndugu zangu. Naona mnaongelea dakika moja, mimi nilikuwa na dakika kumi. Nina linki ya MikroTik kutoka Ujiji kwenda kwa mteja Kibirizi, dishi kwa dishi, gigahezi 5. Ilikuwa ikikatika, upande wa Ujiji unasoma tu kwamba umegundua rada, halafu kimya. Dakika kumi kwa saa yangu ya mkononi, kisha linki inapanda kama kawaida. Mteja ni duka la jumla, kwa dakika kumi risiti hazitoki, foleni imefika barabarani. Nilibadilisha waya, nikabadilisha adapta ya umeme, nikapandisha dishi. Hakuna kilichosaidia.

Fundi_Minara

Nchi uliyochagua ni ya Ulaya?

Ujiji_Link

Ndiyo, Ujerumani. Na masafa niliacha auto.

Fundi_Minara

Ndiyo jibu lako. Kanuni za Ulaya zinataka sekunde 60 kwenye chaneli za DFS za kawaida, lakini kwenye lile eneo la 5600 hadi 5650 la rada za hali ya hewa wanataka dakika 10 kamili za kusikiliza. Ukiachia auto, kifaa kinaweza kuchagua kuingia humo humo, na mteja wako anasubiri dakika kumi. MikroTik wameliona hilo, wameweka chaguo la kukwepa eneo hilo tu kifaa kinapochagua chenyewe:

```
/interface wireless set wlan1 skip-dfs-channels=10min-cac
```

Ila kwa linki ya duka mimi nisingeacha auto. Rekebisha nchi iwe unayoishi, angalia masafa unayobakiwa nayo, chagua moja safi lisilo la DFS. Ukikosa kabisa, kaa kwenye DFS lakini nje ya 5600 hadi 5650, na mteja ajue kuna dakika moja inayoweza kutokea.

Hii ni njia nzuri ya kusoma tatizo hata bila logi. Ikikatika sekunde chache, imehamia chaneli huru. Ikikatika dakika moja, imehamia chaneli ya DFS. Dakika kumi, imeangukia kwenye eneo la hali ya hewa chini ya kanuni za Ulaya. Nusu saa, ilikosa pa kwenda.

Bint_Isevya

Mwangaluka Fundi. Mimi nina swali dogo. Hosteli kwetu hapa Tabora ikikata hivyo, kompyuta yangu inarudi haraka, ila simu inachelewa, wakati mwingine inabaki kwenye 2.4 mpaka nizime Wi-Fi ya simu niwashe. Kwa nini, na AP ni ileile?

Fundi_Minara

Simu kwenye chaneli hizi hairuhusiwi kuita. Kwenye chaneli huru simu inauliza "yupo nani hapa?" na AP inajibu papo hapo. Kwenye chaneli za DFS simu lazima itegee kimya mpaka isikie AP ikijitangaza yenyewe, na AP kwa kawaida inajitangaza mara moja kwa kila takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chaneli za DFS ni nyingi, simu inabidi itegee kwenye kila moja, na ili isimalize betri haifanyi hivyo mfululizo. Wakati huohuo imeshaona 2.4 ipo na ina ishara nzuri, inatulia huko. Kompyuta haibani betri kama simu, inatafuta mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo dakika moja ya AP inaweza kuwa dakika tatu kwa mwenye simu.

Katubuka_Boy

Sawa Fundi, nimekuelewa kwa TMA. Lakini kitu fulani kimesikika. Baraza la mama linatazama ziwa. Meli na boti kubwa zinazoingia bandarini zina rada. Jioni ndiyo zinaingia.

Fundi_Minara

Wazo zuri, na nalipenda kwa sababu linafuata saa. Lakini rada za meli zinatumia karibu gigahezi 9, na zile kubwa kama gigahezi 3. AP haisikilizi huko. Rada ya kuongozea ndege nayo kwa kawaida iko kwenye 2700 hadi 2900. Rada ya mvua iliyo puani mwa ndege nyingi za abiria iko gigahezi 9 vilevile. Kati ya 5250 na 5330 ungetegemea zaidi rada za kijeshi na nyingine za ulinzi, na sitaki tukisie hadharani nani ana nini na yuko wapi.

Kuna uwezekano mwingine ambao kwa uzoefu wangu ni wa kawaida sana: kwamba hakuna rada. AP haijui rada ni nini. Inachotafuta ni mipigo mifupi yenye nguvu inayojirudia kwa mpangilio, ikizidi kiwango fulani, -62 dBm kwa vifaa vidogo na -64 dBm kwa vinavyorusha miliwati 200 na zaidi. Kitu chochote kinachofanana na hivyo kitahesabiwa rada. Linki za nje za dishi kwa dishi zinazorusha kwa zamu zilizopimwa zinaweza kuidanganya AP iliyo jirani. Hata kifaa kingine cha Wi-Fi kikiwa karibu mno kinaweza.

Mama, namna ya kutofautisha ni kulinganisha saa. Kijana achukue logi za AP zote tatu. Kitu halisi chenye nguvu kinachotoka mbali kinapaswa kusikika na zaidi ya AP moja ndani ya sekunde zilezile, hasa zilizo karibu na madirisha. Kikisikika na moja tu kila mara, mashaka yangu yanakwenda kwenye kitu kilicho karibu na hiyo moja.

MamaLoji_Mwanga

Tumelinganisha. AP ya barazani ina matukio mengi, karibu yote jioni. Ya ghorofani ina moja tu, na limetokea dakika ileile na la barazani. Ya mapokezi haina hata moja, lakini ipo ndani kabisa, kuta za tofali pande zote.

Kitu kingine. Nyumba ya jirani, upande huohuo wa baraza, kuna dishi jipya juu ya paa. Limeelekea mjini na mwelekeo wake unapita karibu kabisa na kona ya baraza langu.

Katubuka_Boy

Dishi! Kesi imekwisha.

Fundi_Minara

Haijaisha. Dishi linaelezea vizuri kwa nini baraza linasikia zaidi, na jioni ndipo watu wanapotumia intaneti sana, kwa hiyo linki inafanya kazi zaidi. Lakini lile tukio moja la ghorofani linanisumbua. Linaweza kuwa dishi hilohilo likipenya dirishani, linaweza kuwa kitu cha mbali ambacho kwa kawaida hakifiki ghorofani kwa nguvu ya kutosha. Kuta za mapokezi nazo hazithibitishi chochote, zingezuia vyote viwili. Tunahitaji kujua linki ya jirani inatumia masafa gani. Ikiwa iko kati ya 5250 na 5330, au imebanana sana na hapo, nitaamini. Ikiwa iko 5800, tuanze upya.

Ila huna haja ya kusubiri jibu hilo kutuliza wageni. Weka nchi iwe TZ kwenye AP zote, angalia `iw reg get` inaruhusu nini, kisha toka kwenye 160. Intaneti unayolipia ni megabiti ngapi?

MamaLoji_Mwanga

Thelathini.

Fundi_Minara

Basi 160 haikuwa inakusaidia chochote. Simu ya kawaida kwenye upana wa 40 inapitisha zaidi ya hizo 30 bila jasho ikiwa karibu na AP. Upana mkubwa ungekufaa kama una mafaili makubwa yanayohama ndani kwa ndani, na loji haina hayo. Tena upana mkubwa unabeba kelele zaidi, mgeni wa chumba cha mwisho anapata ishara dhaifu kuliko angepata kwenye 40.

Kwa AP ya barazani, kwa mfano:

```
uci set wireless.radio1.country='TZ'
uci set wireless.radio1.channel='149'
uci set wireless.radio1.htmode='HE40'
uci commit wireless
wifi reload
```

Ghorofani weka 157 na upana huohuo. Upana wa 40 ukianzia 149 unachukua 149 na 153, ukianzia 157 unachukua 157 na 161, hazigusani. Mapokezi rudia 149, kwa kuwa umesema kuta ni nene, ila punguza nguvu ya kurusha ya hizo mbili zinazoshirikiana.

DonMtandao

Na dishi la jirani likiwa 5800 si atagongana nalo hapo 157?

Fundi_Minara

Swali la msingi. Ndiyo, inawezekana, kwa sababu 157 na 161 zinakaa kati ya 5775 na 5815. Lakini kugongana hapo kunaleta mwendo mdogo, hakuzimi jina kwa dakika. Hapo hakuna DFS, AP itavumilia na kuendelea. Ikitokea hivyo tutahamisha ghorofani, maana baraza ndilo linalotazama dishi na baraza tumelipeleka 149.

MamaLoji_Mwanga

Tumefanya. Tulipoweka TZ chaneli za katikati zote ziliondoka kwenye orodha na 160 haipo tena. Tangu tubadilishe, jina la 5 halijapotea, na kwenye logi hakuna tena neno DFS kwenye AP yoyote. Mgeni wa chumba cha mwisho kwenye korido, aliyekuwa akibaki 2.4 kila siku, sasa anashika 5.

Mwendo barazani jioni unashuka kidogo kuliko mchana. Sijui kama ni wageni kuwa wengi au ni lile dishi.

Fundi_Minara

Pima saa ambayo baraza halina watu lakini bado ni jioni. Simu moja tu, sehemu moja, mchana na jioni. Ikishuka hata hivyo, kuna kitu cha nje.

Ujiji_Link

Fundi, ahsante. Linki ya Kibirizi nimeihamisha, rada haijatajwa tena. Lakini upande wa Kibirizi ishara imeshuka dB 3 kwenye masafa mapya. Ni kawaida?

Fundi_Minara

Angalia kwanza nguvu ya kurusha. Nchi ikibadilika, kiwango kinachoruhusiwa nacho kinabadilika, na kifaa kinajipunguza au kujiongeza chenyewe bila kukuambia. Kama nguvu ni ileile pande zote mbili, leta picha ya dishi lilivyoelekea, huenda liliguswa ulipolipandisha.

MamaLoji_Mwanga

Nimeongea na jirani. Ni mtu mwema, hana shida. Dishi alifungiwa na mtu wa kutoka mjini, yeye mwenyewe hajui masafa, ila amenipa ruhusa kijana aende na kompyuta Jumamosi aingie kwenye kifaa asome. Tukipata namba nitaiweka hapa.